Shajara ya Berlin: siku nne kabla ya mbio, siku tatu baada yake

8 Juni 2025, Dar es Salaam

Tiketi nimeikata leo. Naondoka Jumatano alfajiri, tarehe 17 Septemba, na narudi Jumatano inayofuata, tarehe 24. Marathoni ya Berlin ni Jumapili tarehe 21, kwa hiyo nina siku nne za kabla na siku tatu za baada. Hesabu hii imenichukua karibu mwezi mzima. Naiandika hapa ili gharama zitakapoanza kuniuma nikumbuke nilivyofikiri.

Namba ya mbio niliipata kwa droo. Dirisha la maombi hufunguliwa muda mfupi baada ya mbio za mwaka uliotangulia, na majina hutoka kabla mwaka haujakwisha. Jina lako likitoka, ada inakatwa moja kwa moja kwenye kadi uliyoandika. Kwa hiyo kadi iwe imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni na iwe na fedha, wala usisubiri kuambiwa ulipe. Nilijiandikisha kwa majina yaleyale ya pasipoti, kwa mpangilio uleule, kwa sababu namba haiuzwi wala haigawiwi. Unaichukua mwenyewe, ukiwa na kitambulisho mkononi.

Hapo ndipo hesabu ya siku za kufika inapoanza. Namba zinatolewa Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi tu. Jumapili asubuhi hakuna dirisha la kumhurumia aliyechelewa. Mtu anayetua Jumamosi mchana, ndege ikichelewa au begi likipotea njiani, ameshapoteza mbio kabla hajafunga kamba za viatu.

Nilidhani jambo la pili lingekuwa tofauti ya saa, kama wanavyolalamika wanaokwenda Boston au Tokyo. Lakini Berlin mwezi wa Septemba iko nyuma yetu kwa saa moja tu, na Istanbul, nitakakobadilishia ndege, inatumia saa sawa na Dar. Saa moja hiyo inanisaidia, maana mwili utaniamsha mapema bila kengele. Kinachoniumiza ni usiku mmoja wa kwenye ndege ambao sitalala. Tena usiku wa kuamkia mbio karibu hakuna anayelala vizuri, kwa hiyo usingizi wa kutegemea ni wa Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Nikitua Jumatano nina usiku tatu za kulipa deni la moja. Nikitua Ijumaa sina kitu.

Viza nimeshapata miadi ya ubalozini. Maombi ya Shengeni yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, na wakihitaji kuchunguza zaidi wanaweza kufika 45. Ninapeleka uthibitisho wa mbio, barua ya mwaliko ya dada yangu (mtoto wa mama mkubwa, anaishi Berlin miaka mingi), taarifa za benki, barua ya mwajiri na bima ya safari ya angalau yuro 30,000. Kwenye bima kuna kitu kimoja kidogo cha kusoma kwa makini. Bima ya kwanza niliyopewa ilikuwa na mstari unaosema haigharamii majeraha ya mashindano ya michezo yaliyoandaliwa. Ingenipatia viza bila shida, lakini kwa jambo lenyewe ninalosafiria isingenifaa kitu. Nimetafuta nyingine.

3 Agosti

Kilometa 28 leo, kutoka Msasani kupita Daraja la Tanzanite na kurudi, mara mbili. Nilianza saa kumi na moja alfajiri na jasho lilikuwa limeshaanza kabla ya kilometa ya pili.

Wiki iliyopita nilijipima jasho, na hesabu yake naiweka hapa. Kabla ya kukimbia, bila nguo, nilikuwa kilo 61.8. Nikakimbia saa moja na nusu, nikanywa nusu lita. Niliporudi nikajifuta, nikapanda tena mizani: 60.6. Nimepungua kilo 1.2, ambayo ni kama lita 1.2 za maji. Ukijumlisha nusu lita niliyokunywa, jasho ni lita 1.7 kwa dakika 90, zaidi kidogo ya lita moja kwa saa. Hiyo ni Dar, kwenye unyevunyevu. Berlin mwishoni mwa Septemba asubuhi huwa na ubaridi, hivyo nitatoka jasho kidogo zaidi ya nusu ya hapo. Nimepanga kunywa kati ya mililita 400 na 500 kwa saa, nisipitishe.

Hilo la kutopitisha nalizingatia kwa sababu nakimbia zaidi ya saa nne. Wakimbiaji wa mbele hawana muda wa kunywa maji mengi. Sisi wa nyuma tunao, na tunapita kila meza. Ukinywa maji matupu kuliko unavyotoka jasho, chumvi ya kwenye damu inazimuliwa na ubongo unaanza kuvimba. Dalili zake zinafanana na za kukosa maji: kichwa kinauma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Cha kutofautisha ni vidole vilivyovimba mpaka pete inabana, tumbo linalochapuka maji, na uzito ulioongezeka badala ya kupungua. Mtu huyo akipewa maji zaidi anazidi kuharibika. Anahitaji madaktari wa mbio haraka.

Jeli nimejaribu aina tatu. Moja ilinikoroga tumbo kwenye kilometa ya 19. Nimebaki na ile ya gramu 25 za wanga, moja kila dakika 35, na maji kidogo ya kusukumia.

17 Septemba, Berlin

Nimefika. Viatu vya mbio, soksi, fulana, bukta na saa nilivibeba kwenye begi la mkononi, sikuvikabidhi. Jeli saba zinahesabiwa kama kimiminika, kwa hiyo zilikaa kwenye kile kifuko cha plastiki cha lita moja pamoja na dawa ya meno. Begi kubwa likipotea, bado ninaweza kukimbia.

Kwenye ndege nilivaa soksi za kubana mpaka chini ya goti, nikaketi kiti cha pembeni. Hata hivyo nilipotua viatu vilikuwa vinanibana. Kukaa saa saba hushusha maji miguuni hata kwa mtu ambaye hajakimbia. Dada amenilaza chali, miguu juu ya ukuta, kwa dakika ishirini, na uvimbe ukapungua naona kwa macho.

Tiketi ya treni kutoka kiwanja cha ndege inabidi iwe ya kanda A, B na C, kwa sababu kiwanja kiko kanda C. Ile ya karatasi unaigonga kwenye mashine ndogo kabla ya kupanda. Bila kugonga, mbele ya mkaguzi ni sawa na kutokuwa nayo.

Dada anakaa Wedding, mtaa wenye majina yetu. Jioni tumetembea dakika 25 kunyoosha miguu: mtaa wa Sansibar, mtaa wa Usambara, na barabara ambayo tangu mwaka jana inaitwa Maji-Maji-Allee. Zamani ilipewa jina la Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Nilisimama chini ya kibao nikakisoma mara mbili, nikaigusa nguzo yake. Nimetoka mbali kuja kukimbia, na kitu cha kwanza nilichokiona hapa ni jina la watu wa Matumbi na Ungoni.

Saa tatu usiku nalala.

18 Septemba

Nimechukua namba leo, siku ya kwanza, na nashukuru. Zinatolewa kwenye maonyesho ya mbio, katika uwanja wa zamani wa ndege wa Tempelhof. Treni ya U6 kutoka kituo cha Afrikanische Straße inafika huko moja kwa moja, sikubadilisha hata mara moja.

Wanaangalia pasipoti na karatasi yenye msimbo waliyokutumia kwa barua pepe. Kisha wanakufunga ukanda wa kitambaa mkononi usiofunguka bila kukatwa. Ukanda huo unakaa mpaka Jumapili: unaoga nao, unalala nao. Bila ukanda na namba, huingii eneo la kuanzia. Yule kijana aliyenifunga aliona bendera kwenye begi langu akauliza, "Tansania? Simbu?" Nikamwambia ndiyo, Simbu. Jumatatu wiki hii huko Tokyo Alphonce Simbu ametwaa dhahabu ya dunia ya marathoni, ya kwanza kwa Tanzania, akimpita Mjerumani Amanal Petros mstarini kabisa. Wote wawili wameandikiwa saa 2:09:48, picha ndiyo iliyoamua. Yule kijana ni wa upande ulioshindwa, lakini alinipa mkono na kucheka kwa furaha. Nilitoka pale nimejaa.

Sasa onyo. Maonyesho haya ni makubwa mno, na sakafu ni ya zege. Mtu anaingia kuchukua namba, anajikuta baada ya saa nne bado anazunguka mabanda, amesimama muda wote. Mimi nilijiwekea saa moja na nusu tangu mlangoni, na simu ikalia. Kofia niliyoitamani nimeiacha. Wala sikununua kiatu wala jeli wala soksi mpya, maana kitu ambacho mwili wangu haukijui sitakwenda nacho Jumapili.

Utabiri wa hewa umebadilika. Nilikuja na mikono ya kuvaa na glavu kwa ajili ya baridi. Sasa wanasema Jumapili kutakuwa na joto.

20 Septemba, jioni

Siku mbili hizi ni za kula na kulala. Jana asubuhi nilikimbia dakika 25 taratibu bustanini Rehberge, karibu na hapa, na leo dakika 15 tu. Baada ya hapo, kochi.

Chakula ndicho kilicholeta mvutano nyumbani. Dada alikuwa amenipikia kama mgeni anavyopikiwa: maharage ya nazi, mchicha, nyama, pilipili pembeni. Nikamwambia, "Dada, nisamehe, leo na kesho naomba wali mweupe tu na kuku kidogo."

"Mdogo wangu umetoka Dar mpaka huku uje kukataa maharage yangu?"

"Siyakatai. Niwekee Jumapili jioni."

Alinyamaza kidogo, kisha akaenda kupima mchele.

Sababu yenyewe ni hii. Wanga unaoliwa siku mbili za mwisho unahifadhiwa kwenye misuli na ini, na ndio utakaochomwa kwa saa nne na zaidi. Kipimo ni gramu 8 mpaka 10 za wanga kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo zangu 62, hata nikichukua kima cha chini, ni karibu gramu 500 kila siku. Ukijaribu kuzipata kwa maharage, mboga na dona, tumbo linajaa nyuzinyuzi kabla ya kufika nusu, na nyuzinyuzi hizo zitataka kutoka Jumapili ukiwa kilometa ya 15. Kwa siku hizi mbili chakula cheupe, ambacho siku zote tunaambiwa tukipunguze, ndicho kinachofaa.

Jana ilikwenda hivi: mchele mkavu gramu 300 uliogawanywa milo miwili, hapo ni kama gramu 240 za wanga. Bakuli mbili za uji laini wenye sukari, kama 90. Vipande vinne vya mkate mweupe, 60. Ndizi mbivu mbili, kama 54. Juisi nusu lita, 55. Jumla inagusa 500. Kuku alikuwepo kidogo kwa ladha, na chumvi niliongeza kuliko kawaida yangu. Maji nakunywa kwa kiu, sijilazimishi.

Asubuhi ya leo mizani ya dada imesema kilo 63.1. Asiyejua angeogopa. Kila gramu ya wanga inayohifadhiwa inashika kama gramu tatu za maji, kwa hiyo kuongezeka kilo moja na ushei ni dalili kwamba akiba imeingia. Miguu inajisikia mizito kidogo kupanda ngazi, na ndivyo inavyotakiwa.

Nimepanga vitu sakafuni: namba imeshabanwa kwa pini nne kwenye fulana, chipu, jeli, mafuta ya mgando ya kupaka mapajani, kwapani na kwenye vidole vya miguu. Glavu na mikono nimevirudisha kwenye begi. Mwendo pia nimeubadilisha. Nilikuja nikitaka saa 4:20, yaani dakika 6 na sekunde 10 kwa kilometa. Kwa joto linalotabiriwa nitaanza kwa 6:18 na sitaruhusu kitu kinivute.

21 Septemba, usiku

Saa 4, dakika 28, sekunde 40.

Niliamka saa kumi na moja na nusu, mwili wenyewe. Saa moja nikala mkate mweupe wenye asali na ndizi moja, maana kundi langu lilikuwa la mawimbi ya baadaye, baada ya saa nne. Wa mbele waliondoka saa tatu na robo. Nilikwenda na treni, nikatembea mpaka mbele ya jengo la Bunge, nikakabidhi begi. Foleni ya vyoo ilikuwa ndefu kuliko ya begi, kwa hiyo nilijipanga mara tu nilipofika, hata kabla sijahisi haja.

Saa nne jua lilikuwa limeshakaa vizuri, na mchana joto likafika karibu nyuzi 25. Wenyeji wa nchi za baridi walikuwa wanaloa kabla ya kilometa ya tano. Kwangu joto lile halikuwa geni, hewa ilikuwa kavu na jasho lilikauka badala ya kutiririka kama Msasani. Hata hivyo sikulidharau. Kila meza ya maji nilichukua vikombe viwili: kimoja mafunda matatu manne mdomoni, kingine kichwani na shingoni.

Vikombe vya hapa ni vya plastiki, na watu maelfu wakishapita lami yote inakuwa imefunikwa navyo, vimelowa, vinateleza kama maganda ya embe. Pale kilometa ya tisa mama mmoja mbele yangu alikanyaga kimoja akaanguka kwa mkono. Tangu hapo nikawa naingia kwenye meza za mwisho, ambako vikombe chini ni vichache, na napita kwa hatua fupi.

Barabarani kuna mstari wa buluu unaoonyesha njia fupi kabisa. Kwenye msongamano huwezi kuufuata muda wote, na saa yangu mwishoni ilisoma kilometa 42.7. Kwa hiyo mwendo wa kuamini ni wa vibao vya kilometa. Saa ya mkononi inakwambia unakwenda vizuri kuliko ukweli.

Nusu ya kwanza nilipita kwa saa 2:13 kamili. Njia ni tambarare, miguu haipati mlima wa kupumzikia upande mmoja na mteremko wa kupumzikia upande mwingine. Ni pigo lilelile, msuli uleule, kilometa 42. Kufika Kurfürstendamm, baada ya kilometa ya 33, misuli ya mbele ya mapaja ilikuwa imeanza kukaza. Hapo nilimkumbuka Suleiman Nyambui, Mtanzania aliyeshinda mbio hizi mara mbili mfululizo, 1987 na 1988, wakati ukuta bado umesimama na marathoni ilibaki upande wa magharibi tu. Nilimtaja jina kwa sauti. Aliyekuwa pembeni yangu alinitazama, nikaendelea.

Jeli ya mwisho niliichukua kilometa ya 36. Pale Potsdamer Platz nilitembea hatua thelathini nikinywa, nikaanza tena. Ukitoka Unter den Linden unaliona Lango la Brandenburg mbele, na wengi wanadhani ndio mwisho. Bado kuna kama mita 400 baada ya lango. Dada aliniambia mapema, kwa hiyo sikumalizia pumzi zangu chini ya nguzo zile.

Mbele kabisa, Sabastian Sawe wa Kenya alishinda kwa 2:02:16 kwenye joto hilohilo, na Rosemary Wanjiru akawashindia Wakenya upande wa wanawake kwa 2:21:05.

Nilipovuka sikuketi. Ukiketi pale pale damu inabaki miguuni na kizunguzungu kinakuja. Nilitembea polepole dakika kumi na tano, nikapokea medali, nikanywa maji na bia ile isiyo na kilevi wanayogawa, nikala mkate uliokuwa na chumvi. Dawa ya maumivu sikumeza. Figo zimetoka kupata damu kidogo kwa saa nne, na kuziongezea dawa kama aibuprofeni kabla hujanywa maji na kukojoa ni kuziumiza. Niliangalia mkojo wa kwanza: njano iliyokolea, kawaida. Ungekuwa na rangi ya chai ya rangi, ningekwenda hospitali leo leo, kwa sababu hiyo ni misuli iliyovunjika inapita kwenye figo.

Maharage nimekula. Sahani mbili. Dada ameridhika.

22 na 23 Septemba

Jumatatu nilidhani nimenusurika. Jumanne ndiyo iliyokuja na madai yote. Maumivu ya misuli baada ya kazi ngeni hupanda kati ya saa 24 na 72, kwa hiyo siku ya pili mara nyingi ndiyo mbaya.

Kupanda ngazi kunawezekana. Kushuka ndiko kubaya, kwa sababu msuli wa mbele ya paja unabeba uzito huku unarefuka, na ni kazi hiyohiyo iliyouchana Jumapili kila mguu ulipotua. Kwenye kituo cha Afrikanische Straße nilishuka kinyumenyume, mikono yote miwili kwenye reli, uso ukiangalia nilikotoka. Mzee mmoja aliyekuwa anapanda alisimama, akatazama medali shingoni mwa dada (ndiye aliyeivaa siku nzima), akanipisha njia.

Kazi ya siku hizi mbili ni kutembea dakika 20 asubuhi na jioni, kula vizuri, kulala mchana. Hakuna kukandwa kwa nguvu, hakuna kunyoosha misuli kwa kuivuta. Mguu wa kulia una lengelenge kwenye kidole kidogo. Nimelitoboa pembeni kwa sindano iliyochomwa moto, nimeacha ngozi juu yake. Kucha ya kidole gumba ni nyeusi.

25 Septemba, Dar

Nimefika nyumbani alfajiri hii. Safari ya kurudi ndiyo niliyoipangia kwa uangalifu zaidi, na bado ilinishtua.

Kwa nini sikuondoka Jumatatu? Baada ya marathoni damu inakuwa rahisi kuganda kuliko kawaida: misuli imechanika, mwili umekauka maji, na mfumo wa kugandisha damu umeamshwa. Ukimchukua mtu huyo na kumkalisha saa kumi na magoti yamekunjwa, damu kwenye mishipa ya ndani ya shavu la mguu inaweza kufanya bonge. Bonge likikatika linapanda kwenye mapafu, na hilo linaua. Hutokea kwa wachache, lakini siku tatu za kutembea na kunywa maji zinapunguza hatari, na kuvunja safari Istanbul kunasaidia.

Tatizo la mkimbiaji ni kwamba miguu yake inauma tayari. Atajuaje? Nimejifunza kuangalia ulinganifu. Maumivu ya mbio yako miguu yote miwili, yapo zaidi mapajani, na yanapungua kila siku. Bonge kwa kawaida liko mguu mmoja: shavu limevimba kuliko la pili, lina joto, ngozi imebadilika rangi, na maumivu yanaongezeka siku ambazo mengine yanapungua. Jumatano asubuhi nilipima mashavu yote mawili kwa futi ya fundi cherehani, sentimita kumi chini ya goti: 35 na 35 na nusu. Nimepima tena leo: 35 na nusu, 35 na nusu. Nitapima kwa wiki mbili zijazo. Na kama kifua kitachoma ninapovuta pumzi, au pumzi ikawa fupi bila sababu, nakwenda hospitali saa hiyohiyo, na ninataja mbio na ndege kabla sijaulizwa.

Kilichonishtua ni foleni. Wadukuzi walikuwa wameushambulia mfumo wa kompyuta wa kuandikisha abiria unaotumiwa na viwanja kadhaa vya Ulaya, Berlin ikiwemo, tangu Ijumaa usiku ya kabla ya mbio. Hata Jumatano kazi ilikuwa inafanyika kwa mkono. Nilisimama zaidi ya saa mbili. Kusimama tuli kwa miguu ile ni kubaya kuliko kutembea, maana damu haina kinachoisukuma kurudi juu. Soksi za kubana nilikuwa nimezivaa tangu kitandani, kabla miguu haijavimba, na pale foleni nikawa nainuka kwa vidole na kushuka, mara ishirini, napumzika, mara ishirini tena. Baada ya muda wenye medali walionizunguka walikuwa wanafanya vilevile, mstari mzima tunapanda na kushuka.

Nilikuwa nimefika kiwanjani saa nne kabla, kwa ushauri wa dada aliyefuatilia habari. Nilipata ndege.

Ndani, kiti cha pembeni, maji kila walipopita, hakuna dawa ya usingizi. Kila saa nilitembea mpaka nyuma na kurudi. Istanbul nilitembea dakika 40 kwenye ule ukumbi mrefu badala ya kukaa. Mama mkubwa alipiga nilipotua Dar. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, miguu ipo?" Nikamwambia ipo yote miwili, na maharage ya binti yake niliyala.

2 Oktoba

Nimekimbia leo kwa mara ya kwanza, dakika 20, daraja la Tanzanite kwenda tu, kurudi kwa miguu. Paja la kushoto bado zito kidogo kwenye mteremko wa daraja. Mashavu: 35 na 35. Kucha imeanza kuachia upande mmoja, nimeifunga bandeji nisiikwanyue na soksi.